Kunyoa Kichwa Kila Siku: Wembe, Kisogo na Mafuta
Kijitabu cha elimu kwa wanaume wa Titye na nyanda za juu za Kasulu na Kibondo

Taabu mbili zisizo moja

Mwanaume anyoaye kichwa kila siku hukutana na taabu za namna mbili, nasi tunaanza kwa kuzipambanua, kwa kuwa dawa ya moja si dawa ya nyingine, na watu wengi huteseka muda mrefu kwa sababu wanatibu ile wasiyokuwa nayo. Taabu ya kwanza ni mwako: ngozi huwasha, huwa kama iliyounguzwa, na aghalabu huonyesha wekundu au weusi uliokolea katika dakika chache baada ya wembe kupita, kisha hutulia yenyewe kwa siku moja au mbili au tatu. Huu ni mkwaruzo, na asili yake ni wembe butu, mkono mzito, sabuni kali au ngozi iliyonyolewa ikiwa kavu. Taabu ya pili haiji siku ile. Huja siku ya pili au ya tatu na kuendelea, kwa sura ya vipele vigumu, vingine vyenye usaha kichwani mwake, navyo hupenda kukaa kisogoni, mahali nywele zinapokoma na shingo inapoanza. Hivyo si mkwaruzo, bali ni unywele uliorudi nyamani.

Basi mtu akitaka kujua aliyo nayo, na atazame saa. Kinachowaka kabla maji hayajakauka kichwani ni mwako. Kinachochomoza keshokutwa ni unywele.

Nywele za watu wetu hujisokota tangu zikiwa ndani ya ngozi, maana hata kitundu zinamoota kimepinda. Wembe ukikata unywele wa namna hiyo, huuacha na ncha iliyochongoka, nao huweza kuingia nyamani kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni pale unywele unapokatwa chini ya uso wa ngozi: ngozi iliyovutwa huachiwa, ncha huzama, na kesho yake unapokua hauoni mlango wa kutokea, bali hutoboa ubavu wa kitundu chake. Njia ya pili ni pale unywele unapotoka nje salama, ukarefuka kidogo, ukajipinda na kuingia tena kando ya pale ulipotokea. Mwili nao hauujui kwamba ni wake. Huupiga vita kama unavyoupiga vita mwiba, na kile kipele ndicho uwanja wa vita hivyo.

Katika habari hii mna jambo lililo muhimu kwa mtu anyoaye kila siku. Unywele wa kichwani hukua kiasi cha theluthi moja ya milimita kwa siku, na kwa hiyo anyoaye kila asubuhi hauachii urefu wa kujipinda na kurudi. Njia ya pili humpata kwa nadra. Hatari yake ni ile njia ya kwanza, nayo huletwa na tamaa ya ulaini: kuvuta ngozi kwa vidole, kupitisha wembe kinyume cha nywele, kurudia mahali pale pale mara tatu na nne mpaka kiganja kisikwaruze kabisa. Kwa hiyo sisi hatumkatazi mtu kunyoa kila siku. Tunamkataza kunyoa chini ya ngozi, na tunamshauri aridhike na kichwa kinachong'aa lakini ambacho kikipapaswa kinyume, mkono husikia kwamba nywele zipo.

Kuchagua wembe

Katika maduka ya Kasulu, Kibondo na magulio ya vijijini, mtu hupata kwa wepesi vifaa vya aina tatu au nne, na bei si kipimo cha ubora kwa kazi hii. Cha kwanza ni wembe mwembamba wa pande mbili uuzwao katika karatasi, ambao watu wengi huushika kwa vidole vitupu au huuvunja katikati na kuubana katika kijiti. Makali yake ni mazuri, lakini mkono mtupu hauwezi kuyaweka katika mwinamo mmoja juu ya fuvu lililo mviringo, hasa mahali mtu asipojiona. Wembe huo huo ukitiwa katika kishikio chake cha chuma, chombo ambacho Mmarekani King Camp Gillette alianza kukiuza mwaka 1903, hugeuka kuwa kifaa bora tukijuacho kwa mnyoaji wa kila siku: una makali mamoja tu yanayogusa ngozi kwa wakati mmoja, kishikio kinazuia makali yasizame, na wembe mpya hugharimu fedha kidogo.

Cha pili ni kinyoleo cha plastiki cha kutupwa. Kile chenye wembe mmoja kinafaa. Kile chenye nyembe mbili au tatu au tano tunakitilia shaka kwa kichwa chenye nywele za kusokotana. Katika mpango huo wembe wa kwanza huunasa unywele na kuuvuta juu, na wa pili huukata kabla haujarudi, hivyo kile kilichobaki hujificha chini ya ngozi. Hiyo ndiyo sifa inayotangazwa, na kwa mwenye nywele zilizonyooka ni sifa kweli. Kwetu ndiyo ile njia ya kwanza tuliyoieleza.

Cha tatu ni mashine ya kunyolea, iwe ya umeme au ya betri ya kuchaji, inayotumiwa bila kitana. Hiyo huacha nywele fupi mno juu ya ngozi wala haizamishi ncha, na kwa mwenye vipele ndiyo kimbilio. Kasoro yake ni kwamba haiachi upara unaong'aa, na meno yake yakiwa mabutu au yenye kutu huuma ngozi sawasawa na wembe.

Kuhusu muda wa wembe mmoja: nywele ngumu huumaliza upesi, na wembe wa pande mbili unaonyoa kichwa kizima aghalabu hufaa mara tatu hadi tano. Lakini hesabu isitangulie dalili. Siku mtu atakapohisi unywele unavutwa kabla haujakatika, au atakapojikuta anakandamiza pale ambapo jana hakukandamiza, wembe huo umekwisha, hata kama ni wa jana.

Namna ya kunyoa

Asubuhi za Juni na Julai katika nyanda za juu ni za baridi, na mtu huvutwa kunawa upesi na kunyoa upesi, na hapo ndipo mwako unapozaliwa. Unywele mkavu ni mgumu. Ukinywa maji ya vuguvugu kwa dakika mbili hadi tatu hulainika, na nguvu ya kuukata hupungua sana. Wahenga waliosema kwamba mwenzako akinyolewa wewe tia maji walikuwa wakionya juu ya mengine, lakini kanuni ya kinyozi ilikuwa imo. Basi na ichukuliwe nguo safi, ichovywe katika maji ya moto yanayostahimilika, ikamuliwe, na ifunikwe kichwani kwa muda huo.

Kisha povu. Sabuni ya mche, ile ya kufulia, haifai kwa kazi hii: imefanywa kwa magadi makali ili ing'oe mafuta ya nguo, nayo huyang'oa mafuta ya ngozi vivyo hivyo, na mtu hujikuta ana kichwa kikavu chenye weupe wa vumbi kabla wembe haujagusa. Sabuni ya kuogea isiyo na dawa kali hutosha, almuradi povu liwe zito na libichi. Likikauka upande mmoja wakati unanyoa upande mwingine, lirudishiwe maji.

Kabla ya siku ya kwanza ya kufuata maelezo haya, mnyoaji aache nywele siku mbili au tatu, kisha apapase kichwa chake polepole kwa ncha za vidole. Upande ambao vidole huteleza ndio mwelekeo wa nywele. Upande ambao hukwama ndio kinyume chake. Ataona kwamba kutoka utosini nywele huelekea mbele hadi paji, na pembeni huteremka hadi masikioni; katikati ya utosi huzunguka kama wimbi, na kisogoni, kwa watu wengi, hulala upande upande au hata kupanda juu. Kila mtu na kichwa chake, nayo ndiyo sababu hatuchori hapa picha moja ya kufuatwa na wote.

Wembe ukiwa katika kishikio, uwekwe kwanza kichwa chake bapa juu ya ngozi, mpini ukiwa umesimama mbali na kichwa. Kisha mpini uinamishwe kidogo kidogo mpaka makali yaguse, na hapo usimamishwe. Mvuto uwe mfupi, wa sentimita mbili au tatu, kwa kufuata nywele zilivyolala, bila kukandamiza, uzito wa chuma chenyewe ukifanya kazi. Kila baada ya mivuto miwili wembe usuuzwe. Mkono mwingine usivute ngozi. Utangulie tu mbele ya wembe ukipapasa njia. Mtu aanze na panja na pande za kichwa, aje mbele, na amalizie na utosi, ili sehemu ngumu ipate muda mrefu wa kulowana. Kama mahali pamebaki, patiwe povu tena na papitiwe mara ya pili kwa mshazari, yaani kukata kando ya mwelekeo, si kinyume chake. Mara ya tatu haipo.

Kisogo

Juu ya kisogo tutasema kwa kirefu kidogo, maana ndiko madhara ya kudumu yanakotokea. Vipele vya mahali hapa visipotunzwa huungana, vikawa makovu manene yaliyoinuka, nywele zikafa juu yake au zikatoka kwa vishada, na makovu hayo hayarudi kuwa ngozi laini. Waganga wa ngozi huyahesabu kuwa maradhi yenye jina lake, nayo hupata zaidi wanaume weusi kuliko watu wengine. Profesa Nonhlanhla Khumalo na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cape Town walichapisha mwaka 2011 utafiti uliohusisha maradhi hayo na kutokwa damu wakati wa kunyolewa. Na damu ya mtu mmoja katika chombo kinachohamia kwa mwingine ni habari nyingine ya hatari, ambayo tutaigusa mbele.

Rai yetu ni hii, nasi tunaisema bila kusitasita: wembe usifike chini ya kisogo. Mnyoaji aukomeshe juu ya lile tuta la mfupa linaloshikika nyuma ya kichwa, na kutoka hapo hadi shingoni atumie mashine, akiishika nyepesi bila kuisugua. Mstari mkali ambao vinyozi hupenda kuuchora shingoni kwa wembe ndio mwanzo wa vipele vingi, na kola ngumu ya shati inayosugua mahali hapo siku nzima huvikuza.

Tumfikirie mfanyabiashara wa maharage wa Titye, mtu wa miaka thelathini na kitu, ambaye nywele zake za utosi zimeanza kukimbia, naye akaamua kunyoa zote kila alfajiri. Hulowanisha kichwa kwa maji baridi, husugua mche, hushika wembe mtupu ambao ameutumia tangu mwanzo wa mwezi, na kisogoni huupandisha kutoka shingoni kwenda juu kwa sababu mkono wake hauwezi kwenda vinginevyo. Akimaliza hujipaka spiriti, huvumilia ukali wake kama dalili ya usafi, kisha hupaka mafuta ya mgando mazito mpaka shingoni, na kuvaa kofia. Baada ya majuma kadhaa ana mwako kichwani kote, na kisogoni ana vipele kumi na viwili, viwili vyake vina usaha.

Mwako wake utaisha upesi: wembe mpya katika kishikio, maji ya vuguvugu, sabuni nyingine, na spiriti iachwe, nao utatoweka kwa juma moja. Vipele havitaisha kwa njia hiyo. Kwa hivyo shurti aweke wembe chini kwa majuma manne, kichwa chote kipitiwe na mashine kikiachwa na nywele za milimita moja hivi, na kila asubuhi na jioni akikande kisogo kwa nguo ya maji ya vuguvugu kwa dakika kumi. Nywele zilizonaswa zitaanza kujifungua zenyewe. Akiona kitanzi cha unywele kinachoonekana wazi juu ya ngozi, anaweza kuinua ncha yake kwa sindano iliyochemshwa, wala asiung'oe, maana unywele uliong'olewa hurudi kuota kutoka chini na kukosa njia tena. Asitumbue usaha. Majuma manne yakiisha na vipele vimelala, arudie wembe juu ya kichwa tu. Kisogo kibaki cha mashine daima. Vikiwa havijalala, au vimekuwa vigumu kama punje za mtama zisizosogea, au kuna maumivu, harufu, matezi ya shingo yaliyovimba au homa, hilo si jambo la kioo na beseni tena: aende kituo cha afya, na kutoka huko apelekwe kwa mtaalamu wa ngozi. Tangu mwaka 1992 kituo cha mafunzo ya tiba ya ngozi cha KCMC huko Moshi kimekuwa kikifundisha matabibu wa ngozi kwa ajili ya mikoa. Kovu likiwahiwa likiwa changa huweza kupunguzwa kwa sindano. Likizeeka, kazi yake ni kubwa.

Baada ya wembe

Povu lisuuzwe kwa maji baridi, na kichwa kigusweguswe kwa taulo safi, kisisuguliwe, kibaki na unyevu. Palipochubuka, kipande cha shabu kilicholoweshwa na kugusishwa hapo hukaza ngozi na kukomesha tone la damu. Huchoma kidogo, kisha hutulia. Kipande hicho nacho ni cha mtu mmoja.

Mafuta yapakwe ndani ya dakika tatu, kabla unyevu haujapaa, kwa sababu mafuta hayaleti maji katika ngozi bali huyazuia yaliyomo yasitoke, na mtu anayengoja kichwa kikauke ndipo apake huwa amefunga mlango wa ghala tupu. Kiasi cha punje moja ya harage hutosha kichwa kizima. Losheni isiyo na manukato makali ndiyo njema kuliko zote kwa matumizi ya kila siku. Mafuta ya nazi na mafuta ya mise, ambayo mkoa wetu wenye michikichi haujapungukiwa nayo, yanafaa yakiwa safi na yakipakwa membamba. Mafuta ya mgando yanafaa katika kiangazi, wakati upepo na vumbi jekundu vinapokausha midomo na visigino vya kila mtu, lakini yaishie juu ya kisogo: mahali penye vipele, tabaka zito huziba vitundu. Glisirini tupu tusingeishauri, kwani katika hewa kavu huweza kuyavuta maji kutoka ndani ya ngozi yenyewe. Ichanganywe kijiko kimoja kwa vitatu vya maji yaliyochemshwa na kupoa, na ifanywe kidogo kidogo, isikae zaidi ya siku tatu.

Kuna krimu zinazouzwa mikononi zikisifiwa kwamba huondoa vipele kwa usiku mmoja. Nyingi za namna hiyo zina dawa ya steroidi yenye nguvu. Kipele hulala kweli, kisha ngozi hukonda, hubadilika rangi, na vipele hurudi kwa kishindo siku dawa inapoachwa. Dawa hizo zipo hospitalini, na zina kipimo na muda wake.

Kichwa kisicho na nywele pia hakina kivuli, na jua la nyanda za juu huunguza hata siku ya baridi. Kofia pana ya kitambaa chepesi yatosha, ifuliwe kila baada ya siku mbili. Kwa ndugu zetu wenye ualbino kofia peke yake haitoshi. Shurti kichwa kipakwe mafuta ya kuzuia jua kila kinaponyolewa, masikio na kisogo vikiwemo.

Wembe wa mtu na mtu

Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi, katika damu iliyokauka ambayo jicho haliioni, na kwa hiyo wembe uliosuuzwa na kufutwa hauhesabiwi kuwa safi. Wembe haukopeshwi, hata kati ya baba na mwanawe au ndugu wawili wa chumba kimoja. Anayenyolewa kwa kinyozi aende na wembe wake, au aone mpya ukifunguliwa mbele yake. Mashine ya kinyozi ifutwe nywele kwa brashi, kisha meno yake yasafishwe kwa spiriti ya asilimia 70 na kuachwa yakauke yenyewe kabla ya mteja afuataye. Vishikio vya chuma na vitana huweza kuzamishwa kwa dakika kumi katika maji ya Jiki, kipimo kimoja cha Jiki ya asilimia 3.5 kwa vipimo sita vya maji, kisha visuuzwe na kukaushwa, kwa kuwa dawa hiyo hula chuma.

Mapunye nayo husafiri kwa njia hiyo hiyo, na baba mwenye mabaka ya magamba kichwani asiwanyoe wanawe kwa mashine yake mpaka atibiwe.

Wembe uliokwisha usitupwe jalalani wala shambani, ambako watoto hupita miguu mitupu. Utiwe katika kopo la bati lenye kifuniko kilichotobolewa upenyo mwembamba, na kopo likijaa lifungwe imara na litumbukizwe katika choo cha shimo.